Asaimenti: skolashipu ya alama 60 iliongeza kipato kweli, au nimejidanganya?

Chumvi_ya_Tanga
Salaam wakuu. Niko mwaka wa tatu, uchumi. Tumepewa asaimenti ya takwimu na imenikwama kooni. Data ni ya kutunga, lekcha kaitengeneza mwenyewe kwenye kompyuta, ila katuambia kaitegea mitego ya dunia halisi.

Iko hivi. Vijana 3,000 waliomba skolashipu, kila mmoja akafanya mtihani wa alama 0 hadi 100, alama zikiwa namba kamili. Aliyepata 60 na kuendelea alistahili. Mwenye 59 kushuka chini, pole. Miaka 10 baadaye tunaona kipato chao cha mwezi. Swali linasema: je, mkato wa 60 ulibadilisha kipato chao?

Nilichukua wastani. Waliopata skolashipu wanaingiza 1,080,000 kwa mwezi, wasiopata 705,000. Nikaandika kwamba skolashipu inaongeza 375,000. Msaidizi wa lekcha kanirudishia rasimu na kalamu nyekundu: "Umepima skolashipu au umepima akili?" Hakuna neno lingine. Mwisho wa kukusanya ni Ijumaa.

Sekenke
Hilo dogo. Umemlinganisha wa 90 na wa 30. Wa 90 angetoboa hata bila skolashipu, ndiyo maana kaandika "akili". Chukua walio jirani na 60 tu. Weka dirisha la alama 8: 52 hadi 59 huku, 60 hadi 67 kule. Hao ni watu wa aina moja, kawatenganisha bahati. Toa wastani kwa wastani, umemaliza.

Ndizi_Mzuzu
Hilo dirisha la alama 8 linafungwa lini? Mdogo wangu ana 64, bado hajaomba.

Sekenke
😂😂 Mkuu, hili siyo dirisha la maombi.

Chumvi_ya_Tanga
Nimefanya. Kulia 1,015,000, kushoto 833,000. Tofauti imeshuka hadi 182,000. Niandike hiyo?

MzeeWaKibaha
Usiiandike bado. Sekenke kakufikisha nusu ya safari kisha kakushusha njiani.

Mtu wa wastani katika kundi lako la kushoto ana alama 55.5. Wa kulia ana 63.5. Bado wanapishana alama 8, na mwenye alama nyingi huingiza zaidi hata skolashipu isipokuwepo. Waangalie walio chini ya 60 peke yao, ambao hawakustahili kitu. Ukipanda alama moja, kipato kinapanda kwa kiasi gani?

Chumvi_ya_Tanga
Nimechora mstari kwenye 52 hadi 59. Kama 16,000 kwa kila alama. Upande wa kulia nao karibu hivyohivyo.

MzeeWaKibaha
Basi zidisha. Alama 8 mara 16,000 ni 128,000. Kati ya 182,000 zako, 128,000 ni mteremko tu, zingekuwepo hata kama mkato haukuwepo. Kinachobaki ni 54,000.

Ichukulie kama barabara inayopanda mlima. Ukisimama chini na mwenzako akasimama juu, mmepishana kimo, lakini hiyo haina maana kuna ngazi kati yenu. Wewe unatafuta ngazi, mahali ambapo barabara inaruka ghafla, na unajua ngazi kama ipo lazima iwe kwenye 60, kwa sababu hapo ndipo kanuni inapobadilika. Kwa hiyo chora mstari upande wa kushoto hadi ufike 60, chora mwingine kutoka kulia hadi ufike 60, kisha pima pengo linalobaki pale inapokutana. Siyo pengo la wastani kwa wastani. Kwenye programu ya R ni mistari minne:

```
w <- subset(d, alama >= 52 & alama <= 67)
w$juu <- as.numeric(w$alama >= 60)
w$x <- w$alama - 60
summary(lm(kipato ~ juu * x, data = w))
```

Namba iliyo mbele ya `juu` ndiyo ngazi. Kutoa 60 kwenye alama ni muhimu. Ukisahau, programu itakupimia pengo kwenye alama sifuri, na hapo utapata kichekesho.

Chumvi_ya_Tanga
Imetoka! Mstari wa kushoto unafika 60 kwenye 905,000, wa kulia unaanzia 959,000. Ngazi ni 54,000, kosa sanifu 31,000. Kwa hiyo masafa ya asilimia 95 ni kutoka hasi 7,000 hadi 115,000. Sifuri imo ndani. Nimetoka 375,000 nikaishia "labda hakuna kitu"?

Sekenke
Panua dirisha. Nimejaribu kwenye karatasi yangu (nasoma kozi hiyohiyo, msinicheke). Dirisha la 12 linatoa 61,000 na kosa sanifu 25,000. Hapo sifuri inabaki nje ya masafa, R inakupa nyota.

MzeeWaKibaha
Dirisha halichaguliwi kwa nyota. Ukilipanua unapata watu wengi, kosa linapungua, lakini unawaingiza watu wa mbali, na unalazimisha mstari mnyoofu upite kwenye kitu ambacho huenda kinapinda. Mstari ukikosea kufuata mpindo, kosa hilo linajikusanya kwenye ncha, na ncha yako ndiyo 60. Jaribu na 5 uone.

Sekenke
5 inatoa 47,000, kosa sanifu 39,000.

MzeeWaKibaha
Sasa yaweke yote matatu kwenye jedwali moja: 47,000, 54,000 na 61,000. Ngazi inakua kadiri dirisha linavyopanuka. Haikuthibitishii kitu, ila ni dalili ya kuuliza kama mpindo unakudanganya. Kuna kifurushi cha `rdrobust` kinachochagua upana chenyewe kwa kanuni na kusahihisha masafa kwa ajili ya mpindo huo. Kitumie kama mwamuzi, lakini kwanza uelewe hiyo mistari minne.

DerevaWaMbezi
Nisameheni, mimi siyo mtu wa takwimu, mada imenivuta. Mwaka ule nilikosa ufadhili kwa alama moja. Moja! Jamaa niliyekaa naye dawati akapata. Leo yeye kaajiriwa, mimi nina daladala mbili na bajaji. Mwisho wa mwezi namzidi. Kwa hiyo jibu la dogo ni kwamba skolashipu haisaidii.

BintiMvomero
Kaka Dereva, hongera kwa daladala. Lakini wewe na jamaa yako ni watu wawili, na hatuwezi kujua wewe ungekuwa wapi kama ungepata. Pengine ungekuwa na daladala nne. Mbinu hii haimwambii mtu mmoja lolote. Inasema tu kwamba ukiwachukua wengi wa 59 na wengi wa 60, makundi hayo yangepaswa kufanana kwa kila kitu isipokuwa skolashipu.

Na hapo kwenye "yangepaswa" ndipo sijamsikia mtu hata mmoja akigusa. Chumvi, umehesabu watu wako kwa kila alama?

Chumvi_ya_Tanga
Kuhesabu vipi?

BintiMvomero
`table(d$alama)`. Nitajie kuanzia 57 hadi 62.

Chumvi_ya_Tanga
57: watu 74
58: 73
59: 38
60: 109
61: 72
62: 72

Duh.

BintiMvomero
Huo ndio mtego wa lekcha wako. Kila alama ina watu 73 hivi, isipokuwa kwenye 59 kuna shimo na kwenye 60 kuna kichuguu, na shimo linalingana na kichuguu. Jumla ya 59 na 60 ni 147, yaani 73 na nusu mara mbili. Kuna watu 35 hivi waliopaswa kuwa 59 wakaamkia 60.

Nimewahi kusahihisha mitihani kwa posho, najua inavyokuwa. Karatasi ina 59, unaipitia tena ukitafuta alama moja ya huruma. Ya 47 huipitii tena. Kama huruma hiyo ingegawiwa kwa bahati nasibu tusingekuwa na shida kubwa. Swali ni nani anayeipata. Una safu yoyote ya habari za wazazi?

Chumvi_ya_Tanga
Ipo `mzazi_sek`, kama mzazi alimaliza sekondari. Nimeichora. Sehemu zote za karibu ni asilimia 38 au 39. Kwenye 59 ni 26, kwenye 60 ni 43.

BintiMvomero
Basi wa 59 na wa 60 siyo watu wa aina moja tena. Mzazi alimaliza shule kabla skolashipu haijatangazwa, kwa hiyo skolashipu haiwezi kuwa ndiyo iliyobadilisha safu hiyo. Ikiruka kwenye mkato, maana yake kuna mkono wa mtu. Waliobaki kwenye 59 ni wale ambao hakuna aliyewakatia rufaa, na waliovuka wana mzazi aliyejua mlango wa kubisha. Hao wangeingiza zaidi hata bila skolashipu. Sehemu ya ile 54,000 ni wao.

KasukuEldy
Hamjambo majirani. Niko Eldoret, nimefanya kazi na data za namna hii, acha niongeze mfano.

Kuna utafiti wa Cal Grant, msaada wa masomo wa jimbo la California. Nao wana mkato wa GPA na mkato wa kipato cha familia. Tofauti yao na data ya Chumvi ni kwamba waombaji hawakujua mkato wa mwaka wao utaangukia wapi. Huwezi kumsukuma mtoto avuke mstari usiouona. Kwa hiyo walio kidogo chini na kidogo juu walifanana, na watafiti wakafuata kipato chao kwenye kumbukumbu za kodi hadi umri wa miaka 28 hadi 32. Kwenye mkato wa GPA kipato kilipanda kwa asilimia 4 hivi. Asilimia 4 tu, kwa mojawapo ya misaada minono ya majimbo ya Marekani. Chumvi, 54,000 juu ya 905,000 ni kama asilimia 6. Ile 375,000 yako ya kwanza ilikuwa zaidi ya asilimia 50, hiyo pekee ingepaswa kukushtua.

Huku kwetu mtafiti Owen Ozier alitumia KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, enzi ile ukiwa na jumla ya alama 500. Karibu na 250 uwezekano wa kumaliza sekondari uliruka. Haikuwa skolashipu na wala hakukuwa na sheria kwamba wa 249 harudi shule, ila mantiki ni ileile. Na mtihani ule ulisahihishwa kitaifa, mwalimu wa kijijini hakuwa na kalamu ya huruma.

Sekenke
Kumbe mbinu hii ni ya Wamarekani wa majuzi.

KasukuEldy
Majuzi gani? Ni ya 1960. Thistlethwaite na Campbell waliwaangalia wanafunzi wa mashindano ya National Merit, waliopewa cheti cha heshima na waliokikosa kidogo. Walitaka kujua kama kutangazwa hadharani kunabadilisha mipango ya mtu. Cheti kiliwasaidia kupata skolashipu nyingine, ila hawakuona dalili kwamba kilibadilisha mipango yao ya kazi.

Chumvi_ya_Tanga
Nashukuru sana. Sasa nifanye nini na hao 59 na 60? Niwatoe?

BintiMvomero
Watoe uone ngazi inabaki ngapi.

```
k <- w$alama %in% c(59, 60)
summary(lm(kipato ~ juu * x, data = w[!k, ]))
```

Chumvi_ya_Tanga
Imeshuka hadi 21,000, kosa sanifu 38,000.

BintiMvomero
Sawa na nilivyodhani. Zaidi ya nusu ya ngazi ilikuwa mkono wa msahihishaji.

MzeeWaKibaha
Taratibu hapo, dada. Tofauti ya 54 na 21 ni elfu 33, na makosa sanifu ni 31 na 38. Namba hizo mbili haziwezi kukuapia kwamba zinatofautiana. Pia ukiwatoa 59 na 60 umeondoa watu walio karibu zaidi na mkato, wale ambao mbinu nzima inawategemea. Sasa mistari yako inaruka kutoka 58 na kutoka 61 kwenda mahali pasipo na mtu. Umeondoa uchafu mmoja ukajitwika dhana nyingine, kwamba mistari inaendelea kunyooka ndani ya hilo shimo.

BintiMvomero
Mzee, kati ya kuruka alama moja na kuwalinganisha watoto wenye wajomba na wasio na wajomba, mimi naruka.

MzeeWaKibaha
Na mimi nitaziandika zote mbili na kusema kwamba siwezi kuchagua kwa uhakika. Data ikishachezewa mkatoni haitengenezeki yote.

Chumvi_ya_Tanga
Jambo jingine kabla sijalala. Siyo wote waliostahili waliochukua. Nimehesabu pale mkatoni: upande wa kushoto asilimia 7 walipata hata hivyo (data inasema "uamuzi maalumu"), kulia asilimia 79. Wengine walikataa. Je, ile 54,000 ni faida ya skolashipu?

MzeeWaKibaha
Ni faida ya kuwa upande wa kulia wa mkato, na kwa kuwa swali lako linauliza kuhusu mkato, hiyo ndiyo namba yako ya kwanza. Ukitaka faida kwa aliyeipokea kwa sababu ya mkato, gawanya. Mkato uliongeza wapokeaji kutoka 7 hadi 79, yaani 72 katika 100. Wale 28 waliobaki mkato haukuwabadilishia kitu, kwa hiyo 54,000 yote imebebwa na hao 72. 54,000 gawa kwa 0.72 ni 75,000. Na kosa sanifu linagawanyika pamoja nalo, linakuwa 43,000 hivi, kwa hiyo usidhani umepata ushahidi wenye nguvu zaidi kwa sababu namba imekua. Umebadilisha kipimo tu.

Usithubutu kuwalinganisha waliochukua na waliokataa upande wa kulia. Aliyekataa huenda alipata kitu bora zaidi mahali pengine.

Sekenke
Na ukishapata hiyo 75,000 unaweza kuwashauri serikali wateremshe mkato hadi 40.

MzeeWaKibaha
Hapana. 75,000 ni ya watu wa alama 60. Mtu wa 40 anaweza kufaidika zaidi kwa sababu hakuwa na njia nyingine, au kidogo zaidi kwa sababu angeshindwa chuo mwaka wa kwanza. Data hii haimjui kabisa, kwani hakuna mwenye 40 aliyestahili.

DerevaWaMbezi
Nimewafuatilia tangu jana. Swali la mjinga: hicho kipato mnakipata wapi? Maana mimi hakuna anayejua naingiza ngapi, sina hata hati ya mshahara. Kwenye data yenu nipo?

BintiMvomero
Kaka, hilo siyo la mjinga hata kidogo. Chumvi, maelezo ya data yanasema kipato kimetoka wapi?

Chumvi_ya_Tanga
Yanasema "kumbukumbu za waajiri". Na kuna walio wazi. `is.na(d$kipato)`. Nilikuwa nimewaacha tu, R inawaruka yenyewe.

BintiMvomero
Weka hiyo `is.na` mahali pa kipato kwenye ile mistari minne. Tuone kama kukosekana kwenyewe kunaruka kwenye 60. Anza na data ambayo haijafutwa mtu.

Chumvi_ya_Tanga
Kunaruka. Kushoto asilimia 11 hawaonekani, kulia 18. Hata nikiwatoa 59 na 60, pengo linabaki karibu hilohilo.

MzeeWaKibaha
Mtego wa pili huo, na mimi sikuuona. Dereva anakula bia kwangu.

Maana yake ni kwamba watu saba zaidi katika kila mia wamepotea upande wa waliostahili. Kama wamekwenda nje kusoma na kubaki huko na mishahara minono, ngazi yako ni ndogo kuliko ukweli. Kama wamekaa nyumbani wakisubiri kazi inayolingana na digrii, ngazi yako ni kubwa kuliko ukweli. Kama wameanzisha biashara zao kama Dereva, hatujui. Yule mtafiti wa KCPE aliyetajwa hapo juu aliangalia pia nani yuko kwenye kujiajiri kwa kubangaiza. Kwenye kumbukumbu za waajiri huwezi kuliona hilo.

Chumvi_ya_Tanga
Sasa nafanyaje?

MzeeWaKibaha
Weka mipaka. Upande wa kulia una watu 82 wanaoonekana katika kila mia, kushoto 89. Ili kulia na kushoto walingane, punguza kushoto kama asilimia 8 ya wanaoonekana (7 gawa kwa 89). Mara ya kwanza kata wenye kipato kikubwa zaidi kwa kila alama, upime ngazi. Mara ya pili kata wenye kipato kidogo zaidi, upime tena. Ukweli uko mahali fulani kati ya ngazi hizo mbili, mradi skolashipu iwe imewapoteza watu tu, haijamrudisha yeyote kwenye kumbukumbu.

Chumvi_ya_Tanga
Nimekata. Hapana, mipaka ni mipana mno, mmoja uko chini ya sifuri kabisa na mwingine ni zaidi ya mara mbili ya 54,000. Nitaiweka hivyohivyo?

BintiMvomero
Iweke. Na ile grafu ya watu kwa kila alama iweke ukurasa wa kwanza, kabla ya ngazi yoyote.

Sekenke
Mimi nilishakusanya jana. Na dirisha la 12.

MzeeWaKibaha
Na nyota yako.

DerevaWaMbezi
Kwa hiyo mimi niko kwenye ile 11?

BintiMvomero
Ulipata 59, kaka. Uko kwenye ile 11.